Televisheni kuwa skrini ya laptopu: urudufu au upanue, na rezolusheni ipi uchague

Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa Kampala, Jinja na Busia zina skrini ya inchi 14 yenye pikseli 1366 × 768. Kwa kuandika barua hiyo inatosha. Lakini ukifungua daftari la Excel lenye safu ishirini za majina, akiba, mikopo na riba, utatumia muda mwingi kusogeza ukurasa kuliko kufanya hesabu. Wakati huohuo sebuleni kuna televisheni ya inchi 43 ambayo mchana kutwa haina kazi. Waya mmoja wa HDMI unaiunganisha na laptopu. Tatizo huanza baada ya hapo: maandishi yana ukungu, ukingo wa chini umekatwa, au kila ujumbe wa WhatsApp unasomwa na sebule nzima.

Nitaeleza kwa mfano mmoja. Mweka hazina wa SACCO ya wafanyabiashara wa soko, upande wa Uganda wa Busia, ana laptopu kama hiyo ya 1366 × 768 yenye Windows 10, na televisheni ya inchi 43 ya 1920 × 1080. Ana kazi mbili. Jioni anaingiza hesabu nyumbani akiwa peke yake. Mwisho wa mwezi anawaonyesha wanachama hesabu hizo kwenye mkutano. Kifaa ni kilekile, waya ni uleule, lakini namna ya kuvitumia haitakuwa sawa kwa kazi zote mbili kama anataka kukaa salama.

Kuunganisha

Chomeka HDMI kwenye laptopu na upande wa pili kwenye televisheni, kisha ushike rimoti, ubonyeze `Source` au `Input` na uchague tundu lenye namba uliyochomeka: `HDMI 1`, `HDMI 2` na kadhalika. Laptopu ikiwa na tundu la VGA tu na televisheni nayo inalo, picha itapita ila sauti haitapita, kwa hiyo sauti itabaki kwenye laptopu. Tundu la USB la televisheni halipokei picha ya kompyuta hata ukichomeka waya wa aina gani. Lile ni la flashi. Na laptopu yenye tundu la USB-C si lazima itoe picha kupitia hapo. Baadhi ya matundu hayo ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu, kwa hiyo kabla ya kununua adapta muulize muuzaji aichomeke mbele yako, kwenye laptopu yako mwenyewe.

Picha ikishaonekana, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Utaona machaguo manne: `PC screen only`, `Duplicate`, `Extend` na `Second screen only`. La kwanza ni laptopu peke yake. La mwisho ni televisheni peke yake, nalo linamfaa sana mwenye laptopu iliyopasuka kioo. Anaweza kuitumia kama kompyuta ya mezani badala ya kulipia skrini mpya. Yale mawili ya katikati ndiyo yanayowachanganya watu.

Ukirudufu, skrini ndogo ndiyo inayoamua

`Duplicate` hutuma picha ileile kwenye skrini zote mbili. Kwa sababu picha ni moja, rezolusheni, yaani idadi ya pikseli kwa upana na kimo, nayo ni moja, na lazima iwe ile ambayo skrini zote zinaiweza. Laptopu ya mweka hazina haiwezi kupita 1366 × 768. Televisheni yake, ijapokuwa ina 1920 × 1080, itashushwa hadi hapo.

Afadhali hata ingeishia hapo. Televisheni huipelekea laptopu orodha ya rezolusheni inazokubali, na televisheni nyingi haziitaji 1366 × 768 kwenye orodha hiyo. Windows inapotafuta rezolusheni iliyopo pande zote mbili huweza kuangukia 1280 × 720, au hata 1024 × 768, ambayo ni umbo la skrini za zamani zilizokaribia mraba. Ukiona nyuso za watu zimevutwa zikawa pana, au kuna mistari mipana myeusi kushoto na kulia, usiilaumu televisheni. Fungua `Settings`, kisha `System`, kisha `Display`, na usome kilichoandikwa kwenye `Display resolution`. Ukikuta 1024 × 768, chagua 1280 × 720 au 1366 × 768 kama ipo, na umbo litarudi sawa.

Umbo litakuwa sawa lakini ukungu utabaki. Televisheni ina pikseli 1920 kwa upana, na imeletewa picha ya pikseli 1366. Kila pikseli ya picha inatakiwa ijaze pikseli 1.4 za televisheni. Hakuna pikseli iliyogawanyika, kwa hiyo televisheni inachanganya rangi za pikseli jirani ili nafasi ijae. Kwenye video hutaona tofauti. Kwenye tarakimu ndogo za Excel, ambapo mguu wa herufi ni pikseli moja nyeusi kwenye karatasi nyeupe, mchanganyiko huo ni rangi ya kijivu, na namba 8 inaanza kufanana na 6.

Kurudufu kuna nafasi yake. Kama unamfundisha mtu hatua kwa hatua, tuseme jinsi ya kujaza fomu mtandaoni, unataka aone kishale chako kinapokwenda na wewe ukitazama laptopu bila kugeuza shingo. Hapo chagua `Duplicate`, na ukuze maandishi ya programu kwa kushika `Ctrl` huku ukizungusha gurudumu la mausi. Ukungu hauumizi macho maandishi yakiwa makubwa.

Ukipanua, kila skrini inajitegemea

`Extend` huifanya televisheni kuwa meza ya pili kando ya laptopu. Kila skrini inabaki na rezolusheni yake: laptopu 1366 × 768, televisheni 1920 × 1080. Kwa idadi ya pikseli, televisheni hiyo ina karibu mara mbili ya zile za laptopu, na sasa zote zinatumika.

Baada ya kuchagua `Extend`, rudi kwenye `Settings`, `System`, `Display`. Juu utaona visanduku viwili, 1 na 2. Bonyeza `Identify` ili kila skrini ionyeshe namba yake, kisha uburute kisanduku cha televisheni ukiweke upande uleule ilipo kwa kweli. Watu hupuuza hatua hii, halafu wanalalamika kwamba kishale "kinagoma". Kama televisheni iko kushoto kwako lakini Windows inadhani iko kulia, utasukuma mausi kushoto mpaka uchoke, kishale kitagonga ukuta. Pia linganisha visanduku juu na chini. Kimoja kikining'inia juu sana, kuna sehemu ya ukingo ambapo kishale hakitavuka.

Kisha bofya kisanduku cha laptopu na uhakikishe ndicho chenye tiki ya `Make this my main display`. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu arifa za Windows hutokea kwenye skrini kuu. Laptopu ikiwa kuu, ujumbe wa WhatsApp unaoingia utatokea mbele ya mweka hazina peke yake.

Hapa ndipo mkutano wa mwisho wa mwezi unapoamuliwa. Mwanachama ana haki ya kujua hali ya chama. Hana haki ya kujua kwamba jirani yake wa meza ya nyanya amechelewa kulipa mkopo miezi mitatu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na hata kabla ya sheria, watu wameshagombana kwa mambo madogo kuliko hayo. Kwa `Duplicate`, mweka hazina akifungua karatasi ya majina kwa sekunde mbili tu kutafuta kitu, wote wameiona. Kwa `Extend`, karatasi ya majina inabaki kwenye laptopu na muhtasari unakaa kwenye televisheni.

Anafanya hivi. Ananakili muhtasari wa mwezi (jumla ya akiba, mikopo iliyotoka, marejesho, salio) na kuubandika kwenye faili jipya kama namba tupu kwa kutumia `Paste Values`. Anafungua faili hilo, anabonyeza `Win + Shift + →` na dirisha zima linarukia televisheni. Televisheni ikiwa upande wa kushoto, mshale ni wa kushoto. Daftari kamili linabaki kwenye laptopu. Mwanachama akiuliza, "Mbona marejesho yamepungua?", anatafuta jibu kimyakimya kwenye laptopu na kulisema kwa mdomo, bila kumtaja mtu.

Excel ina njia nyingine ya haraka, `View` halafu `New Window`, inayofungua faili lilelile kwenye madirisha mawili, kila moja likiwa na karatasi tofauti. Nyumbani ni nzuri mno: karatasi ya kuingiza kwenye laptopu, jumla zikibadilika papo hapo kwenye televisheni. Mkutanoni siishauri, maana mbofyo mmoja kwenye kichupo kisicho chake na majina yapo mbele ya wote.

Rezolusheni halisi ya televisheni

Kanuni ni moja: ipelekee televisheni pikseli kamili inazomiliki, si zaidi wala pungufu. Windows huandika `(Recommended)` pembeni ya rezolusheni inayodhani ni hiyo, na kwa televisheni ya 1920 × 1080 kwa kawaida inapatia.

Inakosea kwenye televisheni ndogo. Nyingi za inchi 32 zilizoandikwa "HD" au "HD Ready" kwenye boksi zina kioo cha 1366 × 768, lakini hupokea picha ya 1920 × 1080 na kuibana yenyewe. Windows inasikia "nakubali 1080" na kupendekeza hiyo. Matokeo yake ni maandishi madogo yaliyosagwa. Usiamini boksi wala pendekezo, jaribu. Fungua `Notepad`, andika mistari michache kwa herufi ndogo, `illi mmwn 8836`, kisha ujaribu 1920 × 1080, halafu 1366 × 768 au 1360 × 768 kama ipo, halafu 1280 × 720. Sogea karibu kabisa na kioo utazame mguu wa herufi `l`. Penye rezolusheni inayolingana, mguu ni mweusi na kingo zake zimekatika safi. Pasipolingana, una kivuli cha kijivu upande mmoja.

Kwenye televisheni za 4K, yaani 3840 × 2160, mtego ni mwingine. Laptopu za zamani zenye HDMI 1.4 zinaweza kutuma picha hiyo, lakini mara 30 tu kwa sekunde. Kishale kinaburuta na kusogeza ukurasa kunakwaruza. Fungua `Advanced display` uone kiwango kilichoandikwa. Ukikuta 30 Hz, shusha rezolusheni hadi 1920 × 1080, utapata 60 Hz. Hapo ukungu si mkubwa kama ule wa mwanzo, kwa sababu 3840 ni 1920 mara mbili kamili na kila pikseli inajaza mraba wa pikseli nne bila kugawanywa. Laptopu mpya yenye HDMI 2.0 inaweza 60 Hz kwa 4K, ila mara nyingine lazima kwanza uiruhusu kwenye menyu ya televisheni. Samsung huiita `Input Signal Plus`, na LG ina `HDMI Deep Color`.

Maandishi madogo? Usishushe rezolusheni

Mtu akiona herufi ndogo kwenye televisheni, jambo la kwanza analofanya ni kushusha rezolusheni. Herufi zinakua, na ukungu unaingia. Kuna sehemu yake maalumu: bofya kisanduku cha televisheni kwenye `Display`, kisha ubadilishe `Scale`. Herufi zinakua lakini zinachorwa upya kwa pikseli zote, kwa hiyo zinabaki kali.

Kiasi gani? Televisheni ya inchi 43 ina upana wa takriban sentimita 95. Pikseli 1920 zikigawanywa humo ni kama 20 kwa kila sentimita, wakati laptopu ya mweka hazina ina kama 44. Pikseli za televisheni ni nene zaidi ya mara mbili. Ukiiweka mezani mbele ya pua utaziona moja moja, na kichwa kitauma. Irudishe nyuma kiasi cha mita moja na nusu, na `Scale` iwe `100%` au `125%` kwa kazi ya jioni. Windows yenyewe mara nyingi huchagua `150%` kwa televisheni, ndiyo maana wengine huona kila kitu ni kikubwa mno na safu za Excel hazijaongezeka, punguza. Mkutanoni, ambapo wa nyuma ameketi mita tano, acha `Scale` ilivyo na ukuze Excel yenyewe hadi 180% au 200% kwa kitelezi cha chini kulia. Ukirudi nyumbani hutakuwa na cha kubadilisha kwenye Windows.

Upande wa rimoti

Rezolusheni ikiwa sawa na bado picha haikuridhishi, tatizo limehamia kwenye televisheni. Kama upau wa chini wa Windows umekatwa nusu, televisheni inakuza picha kidogo na kupunguza kingo, tabia iliyorithiwa kutoka enzi za televisheni za kichogo. Usiitibu kwa kushusha rezolusheni. Ingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha: kwa LG tafuta `Just Scan`, kwa Samsung `Screen Fit` au `Fit to Screen`, kwa Sony `Full Pixel`. Nyingine zina neno `Overscan` tu, lizime.

Kama herufi zina mzingo mweupe kana kwamba zinawaka, punguza `Sharpness` hadi karibu na sifuri. Kipimo hicho kinachora kingo za uongo kwenye picha, jambo linalopendeza kwenye mpira na kuharibu maandishi.

Na kama herufi nyeusi ni safi lakini nyekundu juu ya bluu zimevuja rangi, televisheni inapunguza taarifa za rangi jinsi inavyofanya kwa filamu. Kwenye Samsung na LG, nenda kwenye orodha ya matundu, chagua HDMI uliyotumia, na ubadilishe jina au alama yake iwe `PC`. Si urembo: televisheni hubadili namna inavyoshughulikia picha, rangi zinatulia, na mara nyingi kishale nacho kinaacha kuchelewa nyuma ya mkono. Kama huna chaguo hilo, jaribu `Game`.

Sauti ikihamia kwenye televisheni usipotaka, au ikikataa kuhamia, bofya alama ya spika kwenye upau wa chini na uchague kifaa. Hilo halina fumbo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha au umeme ukikatika, televisheni inazima na laptopu inaendelea kwa betri. Mara nyingi madirisha yaliyokuwa kwenye televisheni yanarudi yenyewe kwenye laptopu. Lakini televisheni nyingine, hasa ikiwa imezimwa kwa rimoti huku waya wa HDMI umebaki, huendelea kuonekana kwa Windows kana kwamba ipo, na dirisha la hesabu linabaki kwenye skrini ambayo hakuna anayeiona. Unabofya Excel kwenye upau wa chini na hakuna kinachotokea.

Faili halijapotea. Bonyeza `Alt + Tab` hadi ufikie Excel, kisha `Win + Shift + ←` au `→`, na dirisha litarukia laptopu. Au bonyeza `Win + P` na uchague `PC screen only`, au uchomoe waya kabisa. Hifadhi kazi kwa `Ctrl + S` kabla ya kufanya lingine.

Umeme ukirudi, washa televisheni, `Win + P`, `Extend`. Windows hukumbuka rezolusheni, `Scale` na mahali pa visanduku kwa televisheni ileile, ilimradi uchomeke kwenye tundu lilelile. Windows 11 inaweza pia kurudisha madirisha mahali yalipokuwa, ukiweka tiki kwenye `Remember window locations based on monitor connection` chini ya `Multiple displays`. Kwenye Windows 10 utayarusha tena mwenyewe, na kama ni mkutanoni, tazama kwanza ni faili gani unalolirusha.